Uchukue kiinua mgongo ama ubaki na pensheni nzima? Hesabu ya miaka 20 kwa anayestaafu mapema

Ukiwa mwalimu au mfanyakazi wa serikali hapa Wote na umeanza kufikiria kutoka kazini kabla ya miaka 60, kuna karatasi moja utakayowekewa mbele ambayo ina uzito kuliko sherehe yote ya kuagwa. Karatasi hiyo inauliza hivi: unataka pensheni yako nzima kila mwezi, ama uachie robo yake ulipwe pesa za mkupuo sasa hivi, halafu uendelee na robo tatu zilizobaki?

Wengi hujibu haraka. Wanaona milioni mbili na kitu upande mmoja, na upande wa pili tofauti ya elfu kumi kwa mwezi, na kalamu inajiendea yenyewe. Inawezekana jibu hilo ni sawa. Lakini ni vizuri ulifikie kwa hesabu, kwa sababu ukishalipwa hakuna kurudi nyuma. Leo tufanye hiyo hesabu pamoja, na kikokotoo cha simu kinatosha.

Kwanza, hii inahusu nani

Makala hii ni ya walio kwenye mpango wa zamani wa pensheni ya serikali, ule unaolipwa na Idara ya Pensheni ya Hazina ya Kitaifa chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189. Mnamo Januari 2021 serikali ilianzisha mpango mpya wa kuchangia, na waliokuwa chini ya miaka 45 wakaingizwa huko. Ukiwa kwenye mpango mpya utaona makato ya mchango kwenye pesilipu yako, na hesabu yako ni nyingine kabisa kwa sababu inategemea akiba iliyokusanyika kwa jina lako. Waliokuwa wamefikisha 45 na wakabaki kwenye mpango wa zamani ndio hawa sasa wanaopita miaka 50, umri ambao sheria inakuruhusu kustaafu kwa hiari. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60.

Kwa hivyo tunazungumza na watu wa miaka 50 na kitu, ambao wamechoka na chaki ama wanataka kushughulikia shamba la maembe wakiwa bado na nguvu.

Hesabu ya pensheni yenyewe

Mpango wa zamani unatumia mambo mawili tu: miezi uliyofanya kazi na mshahara wako wa msingi wa mwisho. Nimesema mshahara wa msingi. Marupurupu ya nyumba, ya usafiri na ya mazingira magumu hayaingii, na hapo ndipo watu wengi hujipa matumaini ya bure.

Tuchukue mwalimu wa mfano. Ana miaka 52, amefundisha miaka 28 kamili, yaani miezi 336, na mshahara wake wa msingi ni shilingi 60,000 kwa mwezi, ambao ni 720,000 kwa mwaka. Sheria inagawanya kwa 480. Kwenye simu unaandika hivi:

```
336 x 720000 / 480 = 504000
```

Hiyo 504,000 ni pensheni yake ya mwaka mzima. Gawanya kwa 12 upate 42,000 kwa mwezi. Akisema hataki mkupuo, hizo 42,000 ndizo zake kila mwezi maisha yake yote.

Akichagua mkupuo, anaachia robo ya pensheni ya mwaka, yaani 126,000. Serikali inazidisha hiyo robo mara 20 na kumlipa mara moja:

```
126000 x 20 = 2520000
```

Basi anapokea kiinua mgongo cha shilingi 2,520,000, na pensheni yake ya mwezi inashuka kutoka 42,000 hadi 31,500. Ameachia 10,500 kila mwezi.

Mwaka wa sare

Sasa swali la wenye mpira: ni lini timu hizi mbili zinatoka sare? Yaani, ni lini zile 10,500 alizoachia, zikijumlishwa mwezi kwa mwezi, zitafika 2,520,000 alizopewa mwanzoni?

Jibu liko wazi ukiangalia hesabu tena. Alipewa pesa za miaka 20 za ile robo. Kwa hivyo sare ni miaka 20 kamili. Mshahara wake ungekuwa 40,000 ama 150,000, sare ingebaki miaka 20, kwa sababu ukubwa wa mshahara unapanua pande zote mbili sawasawa. Hii ndiyo sababu usikubali mtu akuambie "kwa mshahara wako inafaa, kwa wangu haifai". Mshahara hauhusiki hapa.

Mwalimu wetu ana miaka 52, kwa hivyo sare yake iko kwenye miaka 72. Akifa kabla ya hapo, mkupuo ulikuwa umemlipa zaidi. Akiishi hadi 80, kila mwezi baada ya 72 anapoteza zile 10,500 kwa hesabu ya mkono.

Ila kuna kitu kidogo kinachosogeza sare karibu. Pensheni ya serikali imekuwa ikiongezwa asilimia 3 kila baada ya miaka miwili. Nyongeza hiyo inakwenda kwenye pensheni ya mwezi tu. Mkupuo hauguswi, ulishalipwa. Kwa hivyo ile robo uliyoachia ingekuwa inakua: 10,500 kwa miaka miwili ya kwanza, halafu 10,815, halafu kama 11,139, na kuendelea. Nikijumlisha hivyo, sare haifiki tena miaka 20. Inafika kama miaka 17 na miezi 9. Mwalimu wetu atakuwa karibu kufikisha miaka 70.

Kumbuka tu kwamba nyongeza hiyo ndogo haijawahi kukimbizana na bei za sokoni. Asilimia 3 kwa miaka miwili ni kama asilimia moja na nusu kwa mwaka, na mtu yeyote anayenunua mafuta ya kupikia Wote anajua bei hupanda kwa kasi gani. Hapa mkupuo una hoja nzito: unalipwa kwa shilingi za leo, na zile 10,500 za mwaka wa kumi na saba zitakuwa na uwezo mdogo sana wa kununua.

Umri ndio unaobadilisha kila kitu

Jambo ambalo mimi binafsi lilinishangaza nilipoanza kusoma habari hizi ni kwamba ile 20 haijali umri wako. Anayetoka akiwa na miaka 50 anazidishiwa mara 20. Anayetoka akiwa na miaka 60 anazidishiwa mara 20 ile ile.

Fikiria maana yake. Wa miaka 60 anafika sare akiwa na miaka 80, au karibu 78 ukihesabu nyongeza. Serikali imemlipa mapema robo ya pensheni ya miaka 20, na si kila mtu anaiona miaka hiyo. Kwake mkupuo ni biashara nzuri. Lakini wa miaka 50 sare yake iko miaka 68 hadi 70, umri ambao watu wengi tunaowajua pale sokoni wameupita na bado wanabeba kikapu wenyewe. Kwake yeye bei ni ile ile, ila miaka ya kuilipa ni mingi zaidi. Kwa hivyo anayestaafu mapema ndiye anayepaswa kukaa na hii karatasi muda mrefu zaidi, na kwa kawaida ndiye mwenye haraka.

Ili usidhani tunaonewa, angalia majirani. Tanzania ile namba ya kuzidisha ni 12.5. Ilipowekwa kwenye kanuni mpya za mwaka 2018 pamoja na mkupuo wa asilimia 25, wafanyakazi walilalamika sana, na Rais Magufuli akasitisha kanuni hizo Desemba mwaka huo huo. Mwaka 2022 mkupuo ulipandishwa hadi asilimia 33, lakini 12.5 ikabaki. Uingereza nako, mipango mingi ya watumishi wa umma inazidisha mara 12. Huko sare inafika miaka 12, na mtu wa miaka 52 anayechukua mkupuo anaanza kupoteza akiwa na 64 tu. Mara 20 ya Kenya ni ya ukarimu ukilinganisha. Hiyo haimaanishi uichukue bila kufikiria, ila inamaanisha hesabu haianzi dhidi yako.

Familia yako iko kwenye hesabu pia

Watu husema, "Nikifa mapema, pensheni inaenda na mimi, bora nichukue zangu." Si kweli kabisa. Kwenye mpango wa zamani, mstaafu akifa, wanaomtegemea hulipwa pensheni yake kwa miaka 5. Kwa hivyo ile robo uliyoachia haikomi siku unapozikwa. Ingeendelea kwa familia yako miaka mingine mitano.

Turudi kwa mwalimu wetu, na tuache nyongeza ili tusichanganyikiwe. Tuseme amefariki akiwa na miaka 60, miaka 8 baada ya kustaafu. Robo aliyoachia kwa miaka 8 ni 1,008,000. Familia yake ingelipwa robo hiyo miaka 5 zaidi, yaani 630,000. Jumla 1,638,000. Kiinua mgongo kilikuwa 2,520,000, kwa hivyo mkupuo bado uko mbele kwa 882,000. Ukisogeza kifo polepole mbele, unaona sare ya familia inatokea akifariki mwaka wa 15, yaani akiwa na miaka 67, kwa sababu 15 na 5 ni 20. Mwenye watoto bado shuleni au mke asiye na kipato chake atumie hiyo namba ya 15, asitumie ile ya 20.

Kwa upande wa urefu wa maisha, hakuna mtu wa kukupa jibu. Lakini unajua wazazi wako waliishi hadi lini, unajua kama una presha ama kisukari, na unajua kama dawa zako unazimeza. Hizo ndizo habari ambazo Hazina haina na wewe unazo.

Pesa itakaa wapi? Hapo ndipo mchezo unaamuliwa

Mpaka sasa tumehesabu kama vile zile 2,520,000 zimefichwa chini ya godoro. Chini ya godoro, ukitoa 10,500 kila mwezi kujaza pengo, zinaisha baada ya miezi 240, ambayo ndiyo miaka 20 yetu.

Lakini pesa inayofanya kazi haiishi hivyo. Gawanya 126,000 kwa 2,520,000 na utapata asilimia 5. Hii ndiyo namba ya kukariri. Ukiweza kuweka mkupuo mahali panapokupa asilimia 5 kwa mwaka baada ya makato yote, faida peke yake inajaza pengo la 10,500 kila mwezi, na ile 2,520,000 inabaki nzima. Ukitaka kujaza pia nyongeza ya asilimia 3 ya kila miaka miwili, unahitaji karibu asilimia 6.5. Sare hapo haifiki kamwe.

Je, kuna mahali pa asilimia 6.5? Kenya pamekuwapo. Mwaka 2017 serikali iliuza hati fungani ya M-Akiba kupitia simu, kuanzia shilingi 3,000, na ililipa asilimia 10 kwa mwaka bila kodi. Hati fungani nyingine za serikali zimelipa kiwango kama hicho ama zaidi. Viwango hupanda na kushuka, kwa hivyo angalia cha wakati wako, si cha jirani aliyestaafu juzi.

Deni ndilo mahali rahisi zaidi pa kushinda. Tuseme mwalimu ana mkopo wa sako wa 900,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 9,000. Akichukua mkupuo na kuufuta mkopo huo, ametumia pesa inayomgharimu asilimia 5 kulipa inayomgharimu 12. Na ukweli mwingine: akistaafu na mkopo huku mshahara wa 60,000 na marupurupu umekuwa pensheni ya 42,000, yale makato ya sako yatambana koo. Kwa mtu mwenye deni kama hilo, mimi sioni haja ya kubishana sana.

Kinachonipa wasiwasi ni zile mipango ya "nitajenga vyumba vya kupangisha" bila karatasi. Kipimo chako ni 10,500 kwa mwezi, baada ya gharama. Sema amejenga vyumba vinne Wote na kila kimoja anakodisha 3,000. Vikijaa vyote anapata 12,000, anafurahi. Lakini kila chumba kikikaa tupu miezi miwili kwa mwaka, wastani unashuka hadi 10,000, na bado hajarekebisha bomba wala kulipa ada za kaunti. Tayari yuko chini ya alichoachia. Ni kweli jengo linabaki lake na ploti inaweza kupanda bei, na hiyo ina thamani. Ila anayehitaji pesa ya kila mwezi asiliite jengo hilo pensheni.

Kilimo nacho kina kipimo kile kile. Ndengu zikikubali mvua ya Novemba zinaweza kulipa vizuri. Mvua ikikosa, shamba halijui kwamba ulikuwa unategemea 10,500.

Mtu ambaye ningemwambia abaki na pensheni nzima anajulikana: hana deni, afya yake ni nzuri, wazazi wake waliishi miaka mingi, ametoka kazini akiwa na 50 au 51, na anajijua kwamba pesa nyingi zikikaa karibu hazilali. Huyo wa mwisho asione aibu. Jamaa wote watasikia kwamba kiinua mgongo kimeingia, kuanzia binamu wa Emali hadi mjomba wa Kitui, na pensheni ya mwezi ina uzuri huu kwamba haikopesheki yote kwa siku moja.

Upande wa simu

Kwa sababu unasoma hapa, jambo la huku kwetu. Kiinua mgongo cha ukubwa huu hakiwezi kukaa kwenye simu. Tangu 2023 salio la juu kabisa la M-Pesa ni shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Panga kabla pesa haijaingia: zikae kwenye akaunti ipi, na kwenye simu uvute kiasi cha mwezi tu. Ukijipangia kuvuta 10,500 kila tarehe moja na kutogusa nyingine, umejitengenezea ile robo uliyoachia.

Pia, malipo ya kwanza yanaweza kuchelewa, na katika kipindi hicho cha kusubiri ndipo simu za ajabu huanza. Mtu anakupigia anasema yuko Idara ya Pensheni, faili lako limekwama, tuma 3,500 lisogezwe ama nitajie PIN yako. Hakuna ofisi inayohitaji PIN yako ili ikulipe. Kata simu, kisha uende mwenyewe kituo cha Huduma hapa Wote uulize kuhusu faili lako.

Kabla ya kutia saini

Uliza habari ya kodi. Mabadiliko ya sheria ya Desemba 2024 yaliondoa kodi kwenye pensheni za waliofikia umri wa kustaafu. Wewe unayetoka mapema uliza pensheni yako na mkupuo wako vitatozwaje, na upewe jibu kwa maandishi, kwa sababu kodi upande mmoja inasogeza sare.

Halafu hesabu miezi yako mwenyewe. Chukua barua ya kuajiriwa, barua za uhamisho na pesilipu za zamani, ulinganishe na miezi iliyoandikwa kwenye faili. Mwaka mmoja ukipotea kwenye faili la mwalimu wetu, ni miezi 12 mara 720,000 gawanya kwa 480, sawa na 18,000 kwa mwaka. Pensheni nzima inashuka kwa 1,500 kila mwezi, na akiwa amechagua mkupuo, kiinua mgongo kinapungua kwa 90,000. Ni rahisi kurekebisha faili ukiwa bado kazini na mwalimu mkuu wako anajibu simu, kuliko ukiwa umeshatoka.